Ukurasa wa wawekezaji, toleo la tatu

Dada Tumaini, shikamoo. Nimeufyeka. Historia ya parachichi imetoka yote, na ule mstari wa "soko la dunia la mabilioni" nao nimeufuta: mwenye fedha atauliza kreti za Rungwe, si za dunia. Huu hapa:

Chumba cha ubaridi cha parachichi, Tukuyu

Tunaomba: Sh milioni 180 kwa hisa asilimia 12.

Tulipofika: kreti 310 mwezi wa kwanza (Machi 2024), kreti 2,150 mwezi uliopita. Kila kreti Sh 1,500, yaani mapato ya Sh 3,225,000 kwa mwezi. Katika wakulima 10 wa msimu uliopita, 7 wamerudi.

Soko: wakulima 4,200 tuliowaorodhesha wenyewe ndani ya kilomita 25, wastani wa kreti 60 kwa msimu. Hiyo ni Sh milioni 378 kila msimu.

Tatizo: parachichi likishachumwa linaanza kuiva. Lori likichelewa, mkulima anauza kwa bei ya dalali.

Fedha zitakwenda: chumba cha pili Kiwira milioni 120, gari milioni 45, mishahara milioni 15.

Hapo kwenye 7 kati ya 10, hakikisha daftari lipo. Wakiomba kuliona ukaanza kutafuta, umekwisha. Na picha ya uzinduzi usiirudishe, tafadhali. Imekula robo ya ukurasa na hamna kreti hata moja ndani yake.