Punje kumi mfukoni: kuwadhibiti viwavijeshi vamizi kwenye mahindi

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu)

MTANGAZAJI: Habari za jioni, msikilizaji. Kamwene kwa mlioko Iringa, ugonile kwa mlioko Rungwe na Kyela. Kama unasonga ugali au ndiyo kwanza unatua jembe, leo huhitaji kalamu wala karatasi. Unahitaji punje kumi za mahindi. Zitie mfuko wa kulia. Bwana shamba yupo hapa studio. Shikamoo.

BWANA SHAMBA: Marahaba, mwanangu. Na ninyi wakulima, poleni na kazi.

MTANGAZAJI: Mahindi ya Desemba yamefika gotini na watu wanaona majani yametoboka. Watajuaje kama ni kiwavijeshi vamizi?

BWANA SHAMBA: Mdudu huyu aliingia nchini mwaka 2017 na hajaondoka. Mkamate mmoja, mtazame usoni. Kwenye paji ana mstari mweupe kama panda ya manati iliyopinduliwa, mpini juu. Kisha tazama karibu na mkia: ana nukta nne nyeusi zilizopangwa kama matundu manne ya kifungo cha shati. Manati usoni, kifungo mkiani. Ukiviona vyote viwili, ndiye.

MTANGAZAJI: Manati usoni, kifungo mkiani.

BWANA SHAMBA: Hapo. Sasa, anapoanguliwa ni mdogo sana. Anakwangua jani upande mmoja tu na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, kama nailoni. Hayo tunayaita madirisha. Akikua anaingia kwenye moyo wa mhindi, pale katikati yanapochipukia majani, anatafuna na kuacha kinyesi kama vumbi la msumeno. Watu wa Mafinga vumbi hilo mnalijua vizuri. Likishajaa, linaziba moyo kama kizibo na yeye yuko chini yake. Ukipuliza dawa wakati huo, inaishia juu ya kizibo. Ndiyo maana mtu anapiga mara tatu, anasema dawa ni feki, kumbe alichelewa.

MTANGAZAJI: Apige akiwa na ukubwa gani?

BWANA SHAMBA: Tazama ukucha wa kidole chako kidogo. Kiwavi asiyezidi urefu wa ukucha huo, dawa inamuweza. Akifika urefu wa pingili mbili za kidole, ameshakula sehemu kubwa ya chakula chake na yuko karibu kushuka kwenye udongo kugeuka pupa kabla ya kuwa nondo. Huyo mtoe kwa mkono, mponde.

MTANGAZAJI: Tuje kwenye zile punje.

BWANA SHAMBA: Ingia shambani asubuhi. Usikague mistari ya pembeni, itakudanganya. Nenda hatua kumi ndani. Tembea kwa zigizaga na usimame mahali patano, kama vidole vya mkono mmoja. Kila unaposimama, kagua mashina kumi yanayofuatana kwenye mstari. Funua moyo wa kila shina. Ukikuta madirisha mapya au kinyesi kibichi, hamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Shina moja, punje moja, hata likiwa na viwavi watatu.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo mahali patano, mashina kumi kumi.

BWANA SHAMBA: Jumla mashina 50. Kama mahindi hayajapita goti na punje zote kumi zimehamia kushoto, piga dawa. Maana yake shina moja katika kila matano limeshambuliwa. Kama kulia kumebaki hata punje moja, usitumie fedha yako. Ponda kwa mkono, rudi baada ya siku tatu.

MTANGAZAJI: Na mahindi yaliyopita goti?

BWANA SHAMBA: Hapo beba punje 20 badala ya kumi, kwa sababu mhindi mkubwa unastahimili zaidi. Gotini kumi, juu ya goti ishirini. Yakishatoa mbelewele, acha kupuliza. Narudia kwa aliyekuwa anachochea moto: gotini punje kumi, juu ya goti ishirini, mbelewele hapana.

MTANGAZAJI: Ukaguzi uanze lini?

BWANA SHAMBA: Wiki moja baada ya mahindi kuota, mara mbili kwa wiki. Chagua siku usizosahau, kwa mfano Jumatano na Jumamosi. Geuza na majani: mayai huwa yamerundikana pamoja, yamefunikwa na manyoya kama ukungu wa mkate. Rundo moja linaweza kuwa na mayai 100 na zaidi, na ukilisugua kwa kidole umemaliza kazi bila senti. Watu wa Usangu kwenye joto, msilegee, huko mdudu anakua haraka. Njombe na Makete baridi inamchelewesha, lakini haimzuii.

MTANGAZAJI: Wengine wanatumia majivu.

BWANA SHAMBA: Yanasaidia kwenye eneo dogo. Majivu makavu yaliyopoa, au mchanga mkavu, kiasi unachoshika kwa vidole vitatu, ndani ya moyo wa kila shina. Mvua ikiyaosha, unarudia. Majivu ya moto yanaunguza mhindi.

MTANGAZAJI: Na dawa ya dukani, kwa asiyesoma lebo?

BWANA SHAMBA: Nenda na mambo mawili kichwani: jina la mdudu, na bomba lako ni la lita ngapi. Bomba la 15, la 16 na la 20 hayatumii kipimo kimoja, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwambie muuzaji akusomee lebo mbele yako, kisha apime dawa kwa kifuniko na kukuchorea alama ya kipimo hicho kwa msumari. Kifuniko hicho kisiingie jikoni kamwe.

Ukifika shambani, tia maji nusu bomba, tia dawa, tikisa, ndipo ujaze. Lenga mdomo wa bomba ndani ya moyo wa mhindi. Dawa inayomwagika kwenye majani ya chini umeipoteza. Piga kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, kwa sababu jua kali linamfukuza mdudu ndani zaidi. Wingu likiwa zito, subiri kesho. Vaa mikono mirefu, buti, glavu na barakoa, upepo ukupige mgongoni.

MTANGAZAJI: Atajuaje kama dawa imefanya kazi?

BWANA SHAMBA: Arudi siku ya tatu. Asitazame matundu ya zamani, jani lililotoboka halizibiki. Atazame jani jipya linalochomoza, na kinyesi: kikavu cha kahawia ni cha zamani, kibichi chenye unyevu ni cha leo. Kibichi kikiendelea, rudia zile punje. Ikibidi kupiga tena, mwambie muuzaji maneno haya: "Nipe ya kundi jingine." Kama ulianza na emamektini, anaweza kukupa klorantraniliproli. Jina likikutoka, beba chupa ya zamani kwenye mfuko wa nailoni. Ukirudia ileile msimu mzima, wanaobaki hai ni wale ambao haiwaui, na ndio watakaozaliana.

MTANGAZAJI: Kuna mtu ana mahindi ya kuchoma karibu na nyumba.

BWANA SHAMBA: Siku za kusubiri kabla ya kula zimeandikwa kwenye lebo. Amuulize muuzaji idadi, afunge mafundo ya idadi hiyo kwenye kamba na kuitundika mlangoni, kila siku anafungua fundo moja. Watoto wasikate hindi mpaka mafundo yaishe. Maji ya kuoshea bomba asiyamwage mtoni.

MTANGAZAJI: Kipindi hiki tunakirudia kesho saa 12 asubuhi, kabla hujaenda shamba. Kama hujapata punje, una usiku mzima wa kuzitafuta.

(Muziki unapanda)