Kwa Upendo: kuhusu neno la kumuaga baba

Upendo mwanangu,

Pole tena. Najua simu yako haitulii, na kila anayepiga anauliza yale yale: mwili unatoka lini, magari ni mangapi, mchango unatumwa namba gani. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga. Soma ukipata nafasi, hata kesho asubuhi.

Jana uliniomba nisimame Jumamosi nisome wasifu wa baba yako na kuongeza neno la rafiki. Nilikuahidi jibu. Mwanangu, sitaweza. Nimeona nikwambie mapema ili mpate muda wa kumpanga mwingine, kuliko nikubali kwa aibu halafu niwaangushe mbele ya jeneza, watu wote wakitazama.

Ningeweza kusingizia presha. Ungesema "pole baba mdogo, pumzika," na yangeishia hapo. Ila presha yangu iko sawa, na wewe sikuzoea kukudanganya tangu ulipokuwa unanisubiri getini pale kota za reli uone nimekuletea nini kutoka Mlimba. Shida ni kifua. Nikianza kulitaja jina la baba yako kwa sauti, kifua kinabana na maneno yanakwama kooni. Baada ya kuongea na wewe nilijifungia chumbani nikajaribu kuyasoma niliyokuwa nimeandika. Nilifika pale anapoajiriwa, 1983, nikashindwa kuendelea. Na hapo nilikuwa peke yangu.

Utakumbuka mazishi ya mama yenu mdogo. Nilitakiwa kusema neno la shukrani, nikasimama, nikabaki nimeshika kipaza sauti kama mtu aliyesahau kilichomleta. Baba yako ndiye aliyekuja, akakichukua taratibu mkononi mwangu, akaniweka mkono begani, akasema yote niliyotaka kusema. Hakuniuliza lolote kabla wala baada. Sasa mimi nasimamaje pale kumsemea yeye, na wa kuja kunipokea kipaza sauti ndiye amelala?

Jambo jingine linalonizuia ni ninyi. Nikianguka kilio mbele ya watu, shughuli itageuka. Kina mama watainuka kunishika, mchungaji atasimamisha ratiba, watu watamtuliza rafiki wa marehemu huku wewe, mdogo wako na mama yenu mkikaa pale kwenye viti mkisubiri. Siku ile ni yenu. Sitaki kuichukua.

Wazee wa Ilembula watauliza kwa nini sikusema. Wapo watakaosema mwanaume hujikaza. Niachie mimi wazee hao, nimekaa nao misibani miaka mingi na ninajua pa kuwashika. Baba yako mkubwa, mwenyekiti wa kamati, nitampigia mwenyewe leo jioni, usibebe wewe mzigo wa kumweleza. Wewe una ya kutosha.

Kwa kusoma, namwona Baba Happy. Alikuwa mkuu wa stesheni, sauti yake imezoea kutangaza, na alimfahamu baba yako tangu wote wakiwa vijana. Zaidi ya hayo ni mzee wa kanisa, anajua muda, hatawaweka watu juani kwa saa nzima. Nilimgusia bila kumwahidi kitu. Anasema akiombwa na familia atakubali. Kama mtapenda asome mtu wa ukoo, basi binamu yako mwalimu anafaa, mradi apewe karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa na aisome nyumbani mara moja kabla ya ibada.

Ule wasifu ulionitumia nimeupitia. Rekebisheni haya. Baba yako alizaliwa 1961, si 1963. Ile ya 1963 iliandikwa kwenye karatasi za shule na yeye mwenyewe alikuwa akiicheka. Aliajiriwa TAZARA 1983, akaanzia karakana ya Mbeya, akawa msaidizi wa dereva, na udereva kamili aliupata 1991, mwaka uliozaliwa wewe. Alistaafu 2021. Bibi yenu atajwe mwanzoni kabisa, kabla ya vyeo na vituo vya kazi, maana yupo hai na atakuwa amekaa pale anasikiliza. Habari za ugonjwa ziwe mistari miwili. Mimi sipendi wasifu unaotaja kila hospitali na kila kipimo. Watu waliokuja kumzika wanajua aliugua, na ninyi mliomuuguza hamhitaji kuyasikia tena kwenye spika.

Nimewaandikia kipande kifupi. Kikifaa kiingizwe baada ya sehemu ya kazi, asome yeyote. Si lazima jina langu litajwe:

"Sisi tuliofanya naye kazi kwenye reli tulimjua kwa utulivu wake. Treni ikitoka Mlimba kuanza kupanda kuelekea Makambako, njia inakatiza milimani, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja, na ndipo dereva anapojulikana. Marehemu hakuwa na haraka pale. Alikuwa akigonga kioo cha geji kwa kidole, anasikiliza injini, kisha anasema, 'Tutafika, mnywe chai.' Chupa yake ya chai ilikuwa ya bluu, kifuniko kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na kikombe cha kwanza alimpa msaidizi wake kila mara. Vijana wengi aliowafundisha leo ni madereva. Hakuna aliyewahi kutukanwa naye. Ukikosea alinyamaza mpaka mfike stesheni, mkishuka ndipo anakueleza pembeni, mkiwa wawili. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo, na watoto wake ni mashahidi."

Huyo msaidizi ni mimi, unajua. Hata kukiandika tu kumenichukua usiku. Lakini kuandika naweza, kwa hiyo kama kuna barua ya shukrani kwa kanisa, kwa majirani wa Dar au kwa wafanyakazi wa zamani, nipe mimi. Niambie nani na nani, nitakurudishia ikiwa tayari.

Sasa yale nitakayofanya. Nitatoka Mbeya Alhamisi, nishuke Halali, nipande bodaboda mpaka Ilembula, niwe pale kabla ninyi hamjafika na mwili. Nitahakikisha turubai limefungwa vizuri na kuni zipo. Usiku nitalala nje pale motoni na wanaume wengine. Kuhusu baridi, wajukuu wa Dar wapakiwe masweta na soksi. Mwezi huu wa Juni Njombe haina mchezo, na msiba haumzuii mtoto kupata kichomi.

Bibi nitamshika mimi. Wakati wa kuaga mwili sitaki apangwe foleni na umati. Nitampitisha kwanza, na kiti chake kitakuwa karibu. Akitaka kukaa hapo akimwangalia mwanawe, akae. Mshereheshaji atasubiri. Bibi hanihitaji niongee, huwa tunakaa tu, ananiuliza kama nimekula, basi. Watani nao wakianza vituko vyao nitawaambia bibi waende naye polepole. Kwako na mdogo wako waache wawatanie, mtajikuta mmecheka bila kupenda, na baba yako alipenda sana watani msibani.

Mama yako usimwache na daftari la rambirambi wala mfuko wa pesa. Mara nyingi mjane anakalishwa ndani, kila anayeingia anamwekea noti mkononi, jioni hajui amepewa na nani. Mpeni dada mmoja mwaminifu akae pembeni yake aandike. Mimi nitakaa na mweka hazina wa kamati kila jioni tuhesabu, tuandike, tusaini. Nimeona ndugu wakikosana kwa vitu vidogo kama hivi wakati kaburi bado bichi.

Baada ya mazishi watu watatawanyika, wengine siku ile ile, magari ya kukodi hayasubiri. Mimi nitabaki mpaka matanga yaanuliwe na kikao cha ukoo kiishe. Kwenye kikao hicho mtateua msimamizi wa mirathi. Muhtasari uandikwe vizuri, majina yote na sahihi, kwa sababu ndio utakaopelekwa Mahakama ya Mwanzo. Kile kibali cha mazishi mtakachopewa hospitali msikitupe wala kukikabidhi kwa dereva wa gari la mwili. Kipigeni picha, asili ikae kwako, mtaihitaji mkifuata cheti cha kifo RITA. Bila cheti, mafao ya baba yako na akaunti yake ya benki havitagusika. Nitakusindikiza kwenye ofisi hizo zote. Nina muda, ni mstaafu, na kukaa kwenye mabenchi ya kusubiri ni kitu nilichokizoea.

Na wewe, Upendo. Wewe ni mkubwa, kila mtu anakutegemea, na ninajua utajifanya jiwe mpaka Jumapili. Ikifika mahali huwezi, njoo nilipo. Sitakuuliza kitu wala sitakuambia ni mapenzi ya Mungu. Kutakuwa na kiti kingine pembeni ya changu.

Usinijibu kwa kirefu. Naomba tu unitumie namba ya Baba Happy kama mmeamua awe yeye, maana niliyonayo haipatikani, na saa mtakayotoka Dar. Wasifu uliorekebishwa nitumie kabla hamjaupeleka kuchapwa, nautazama mara moja na kuurudisha. Nauli msinitumie, ninayo. Mchango wangu nimeshampa mweka hazina, na gunia la mahindi na maharage debe mbili vinakuja na gari la jirani yangu Ijumaa asubuhi. Waambieni wa jikoni wayapokee.

Msalimie mama. Mwambie nitakuwepo.

Baba mdogo