Jibu la mwaliko wa Alhamisi

Athmani, asalaam aleikum.

Ujumbe wako nimeupata jana baada ya Isha. Ahsante kwa kunialika Alhamisi twende kwa mashua tukale Shela, na ahsante zaidi kwa kutouzungusha: umesema ni matembezi ya watu wawili wanaotaka kujuana. Basi nami nisiuzungushe. Sitakuja. Moyo wangu hauko huko, na sitaki uungoje.

Ningeweza kukwambia Alhamisi nina shughuli, ukaniuliza Jumamosi, nikatafuta udhuru mwingine. Au ningesema inshallah nikanyamaza. Inshallah yetu ya Lamu unaijua, kila mtu huisikia apendavyo. Tatizo si siku, si mashua, wala si chakula cha Shela. Ungebadilisha vyote vitatu, jibu lingekuwa hili hili.

Hakuna ulilokosea, wala hakuna aliyenitia maneno. Usikae ukatafuta cha kurekebisha.

Umesema nahodha ushampa arubuni ya shilingi 1,500. Mpigie leo, kungali na siku tatu za kupata abiria wengine, na mapema hivi ni rahisi kukurudishia. Kesho kutwa atakwambia kashakataa watu kwa ajili yako, na atakuwa na haki. Au wachukue rafiki zako mwende. Nilifikiri nikutumie nusu kwa Mpesa, nikaona itakuwa kama nalipia kosa, na kosa halipo.

Ile doti ya leso uliyompa Zuhura aniletee sijaikata wala kuipinda, bado iko kwenye karatasi yake, kwa hivyo dukani Langoni wataweza kukubadilishia. Ni nzuri, sikatai. Lakini leso ina jina, na jina la hii linazungumza mapenzi. Nikijitanda nayo, wa kwanza kulisoma ni wewe, na mtaa mzima baada yako. Siwezi kukwambia la kwa mdomo huku mgongoni nimeandika naam.

Jumapili kwenye usafi wa ufuoni tutaonana kama kawaida. Nisalimie, nitakuitikia. Nipe gunia nikushikie, hakuna neno. Ila zile simu za usiku tuziache, na mambo ya kamati tuyaseme kwenye kundi la wote. Nikicheka na wewe kazini, ni kicheko cha kazi. Ukiona ni uzito kunitazama kwa sasa, nambie, nitahamia zamu ya upande wa Shela.

Na tafadhali, usimtume shangazi yako kwa mama. Akija kwa heshima zake itabidi ajibiwe na wazee, na jambo la watu wawili litakuwa la nyumba mbili. Mimi sijamwambia mtu, hata Zuhura hajui kilichomo kwenye ule mfuko.

Si lazima unijibu. Leso nitampa Zuhura kesho baada ya Alasiri, aifikishe dukani kwako.

Mwanaisha