Mgonjwa wa Likoni

Zamu ya usiku ilikwisha saa moja na nusu asubuhi, lakini Mwanasha hakutoka wodini mpaka saa mbili kasoro, maana mzee wa kitanda cha pembeni alikataa katakata kubadilishwa shuka na mtu mwingine. Basi la kurudi nyumbani lilijaa wanafunzi wa Leicester na mabegi yao. Akasimama njia nzima, midomo ikimchezacheza: naosha mikono, najitambulisha, nauliza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, natazama bangili ya mkononi, nauliza mzio.

Miaka kumi na mmoja alikuwa muuguzi Mombasa. Amezalisha wanawake taa zimezimika, amepata mishipa ya watoto wachanga ambayo madaktari walishaikatia tamaa. Hapa Uingereza alikuwa msaidizi: anapima presha, analisha, anageuza wagonjwa, na kabati la dawa haligusi mpaka apite OSCE, mtihani wa vitendo wa wauguzi waliosomea nje. Mtihani wenyewe una vituo kumi, na mtahini ana karatasi ya kuweka alama. Ukikagua bangili kwa macho tu, kimya, kama alivyozoea yeye, mtahini anajuaje kwamba umekagua? Lazima useme. Nyambura, aliyeishi chumba cha juu na aliyekwisha kufaulu, alimwambia siku ya kwanza, "Dada, huko ni kuongea kama mtangazaji wa mpira."

Ada ya mtihani ni pauni 794. Mwajiri alilipia mara ya kwanza. Ukianguka, mfuko ni wako. Mwanasha akaona heri ajilipie mafunzo ya mtandaoni mapema kuliko kulia baadaye.

Asubuhi hiyo Nyambura alikuwa kazini, hakukuwa na wa kujifanya mgonjwa. Saa tatu, Likoni ikiwa saa tano, akapiga simu ya video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujalala bado? Macho yamekuwa kama ya papa wa jana."

"Nataka unisaidie kidogo. Jifanye mgonjwa, mimi nikuulize."

Bi Zuhura akaweka chini ungo wa mchele, akajitengeneza mtandio. Kwa kazi hiyo alijiona anafaa kabisa.

"Habari za asubuhi. Naitwa Mwanasha, mimi ndiye muuguzi wako leo. Naomba jina lako kamili."

"Wewe! Jina langu hulijui?"

"Mama, mgonjwa hasemi hivyo."

"Haya. Zuhura binti Omari."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Hiyo ya kitambulisho au ya kweli?"

Mwanasha alicheka mpaka akajishika ubavu. Akarudi kwenye daftari. "Una mzio wa kitu chochote?"

"Pweza. Na yule mke wa mjomba wako."

"Kuna dawa zozote unazotumia kila siku?"

"Nilikuwa nikitumia za presha."

Kalamu ilikuwa imeshafika swali la chini yake. Akainua uso.

"Ulikuwa?"

"Si ni huyo mgonjwa ninayejifanya."

"Mama. Amlodipini umeacha tangu lini?"

Bi Zuhura akauvuta ungo, akaanza kuchambua mchele usiokuwa na mawe. "Mwezi uliopita ulituma kidogo, ukasema kuna mafunzo unalipia. Nikaona karo ya Bakari haingoji. Vidonge vitangoja. Na sijahisi kitu."

Mwanasha alifungua kinywa kutaka kugomba. Kila Ijumaa humuuliza mama yake hali, kila Ijumaa hujibiwa alhamdulillahi, na wote wawili huridhika. Leo swali lilikuwa na namba pembeni, ndiyo maana lilijibiwa. Akalitazama daftari, akaliacha lile la kugomba likapita. Akasogeza simu karibu na uso.

"Kichwa kinauma? Hasa asubuhi?"

"Kidogo. Si ni joto hili tu."

"Kuona je? Ukungu, vimulimuli?"

"Juzi nilipokuwa nikitunga sindano. Nikadhani ni uzee."

"Kifua? Pumzi, ukipanda ngazi za feri?"

"Pumzi sawa. Nikipumzika kidogo njiani."

Aliandika yote, kwa mwandiko wa wodini, saa pembeni. Kisha akasema, "Saumu yupo nyumbani? Mwite. Akupeleke zahanati sasa hivi, si baada ya kupika. Presha ikishapimwa anitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Pesa ya dawa naituma kwa simu yake."

"Na wewe ulale saa ngapi? Na huo mtihani?"

"Ndio huu tunaoufanya. Geuza simu chini nione miguu. Bonyeza hapo juu ya kifundo kwa kidole. Bonyeza sana. Sasa toa."