Maoni kuhusu insha yako ya kwanza: Kiswahili chini ya Wajerumani na Waingereza

Neema, salaam.

Juzi baada ya semina uliniuliza kwa nini umepata 11 kati ya 20 ilhali kila ulichoandika kimo kwenye mihadhara. Ni swali la haki. Vijineno nilivyoandika pembeni mwa karatasi havikutosha kukujibu, kwa hiyo nakuandikia kwa urefu kidogo.

Umesoma, na inaonekana. Tarehe zako ziko sawa isipokuwa moja: uamuzi wa kuifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulitoka kwenye mkutano wa Mombasa wa 1928, wewe umeupeleka Dar es Salaam 1925. Lugha yako ni safi kuliko ya wengi darasani. Kwa hiyo alama hazikupotea kwa uvivu wala kwa kutojua.

Zimepotea hapa. Swali lilikuwa: "Utawala wa Wajerumani ulikikuza Kiswahili Tanganyika kuliko utawala wa Waingereza. Jadili." Wewe umejibu swali jingine ambalo sikuliuliza, nalo ni "Eleza historia ya Kiswahili Tanganyika tangu enzi za misafara hadi uhuru." Hilo ungepata alama nzuri sana. Umeanza na misafara ya Tabora na Ujiji, ukaja Wajerumani, ukaja Waingereza, ukamalizia na TANU, kila mtu kwa zamu yake. Msomaji akifika mwisho anajua nini kilitangulia nini. Hajui Neema anaonaje kuhusu ile kauli.

Tazama sentensi yako ya mwisho: "Kwa ujumla, tawala zote mbili zilichangia kwa kiasi kikubwa kukuza lugha ya Kiswahili, kila moja kwa namna yake." Jiulize, nani katika semina yetu angesimama kuipinga? Hakuna. Mtu anaweza kuiandika bila kusoma kurasa zako sita, na ndiyo maana haina uzito. Dai la insha ya kujadili lazima liwe na mtu mwenye akili timamu anayeweza kulikataa, ili kazi yako iwe kumwonyesha kwa nini asilikatae.

Najua tabia hii inatoka wapi, maana kila mwaka naipokea kutoka kidato cha sita. Huko mmezoeshwa "toa hoja sita", kila hoja ina alama zake, msahihishaji anapiga vema na kuhesabu. Kwa mtihani ule ulifanya sawa. Lakini zile zilizoitwa hoja mara nyingi ni taarifa tu: jambo la kweli lililopewa namba. Hapa sihesabu taarifa. Naangalia taarifa moja inaifanyia kazi gani nyingine.

Chukua aya yako ya tatu. Nainakili kama ilivyo:

"Wajerumani walitumia Kiswahili katika utawala. Waliwatumia maakida na majumbe ambao walijua Kiswahili. Pia walifungua shule ya serikali Tanga. Vilevile gazeti la Kiongozi lilichapishwa huko Tanga kwa Kiswahili. Hivyo Wajerumani walikikuza Kiswahili."

Sentensi nne za kwanza ni za kweli. Ya tano imedondoka kutoka juu. "Hivyo" yako inadai kwamba kuna njia ya kutoka kwa maakida hadi kukua kwa lugha, ila njia yenyewe hujanionyesha. Akida ni mtu mmoja. Mtu mmoja anayejua Kiswahili akipelekwa mahali wasipokijua, inakuwaje lugha ikue badala ya yeye kujifunza lugha ya wenyeji? Hapo ndipo insha ilipotakiwa kusimama na kuchimba, na wewe ndipo ulipoandika "pia" ukaenda Tanga.

Nitakuonyesha mfano. Usiunakili, ni wangu:

"Uzito wa maakida ulitokana na kazi waliyopewa kuliko idadi yao. Kodi ya kibanda ilipoanza 1898, mwanakijiji wa bara alilazimika kushughulika na serikali hata kama hakuitaka, na serikali aliyokutana nayo ilikuwa akida anayeandika na kuamua kwa Kiswahili. Lugha ambayo hadi hapo ilikuwa ya mfanyabiashara na mpagazi sasa ikawa ya kodi na shauri. Asiyeijua alihitaji mkalimani, na mkalimani ana gharama. Ni kweli kwamba Kiswahili kilishafika Tabora na Ujiji kabla Mjerumani hajaja, na kwa hiyo hakianzishwi naye. Lakini misafara ilikipeleka kwenye njia na vituo vyake, wakati mfumo wa maakida ulikifikisha hata kwa watu ambao hawakuwa na biashara yoyote na pwani."

Taarifa humo ni zilezile zako, nimeongeza kodi tu. Tofauti ni kwamba kila sentensi inaitegemea ya kabla yake. Ukiondoa moja, aya inachechemea. Kwako ningeweza kuzipanga upya zile sentensi nne kwa mpangilio wowote na hakuna ambacho kingeharibika. Hicho ni kipimo unachoweza kukitumia mwenyewe usiku kabla ya kuwasilisha kazi: changanya sentensi za aya uone kama inaumia.

Angalia pia nilichofanya na misafara. Wewe uliiweka aya ya pili kama utangulizi wa kihistoria, kisha ukaiacha. Kumbe ndiyo silaha kali kuliko zote dhidi ya kauli ya swali! Anayetaka kuipinga atasema: Wajerumani hawakukuza kitu, walirithi lugha iliyokwisha kuenea wakaitumia kwa urahisi wao. Ulikuwa na pingamizi hilo mkononi tangu ukurasa wa kwanza. Msomaji anayeifahamu historia hii atalifikiria tu, utake usitake, na kama hujalijibu ataona umelikwepa. Kwa hiyo lisogeze kutoka kwenye utangulizi, liweke pale linapouma, ulijibu au ukubali kwamba limepunguza nguvu ya dai lako.

Aya ya tano ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa sababu ulikuwa karibu mno. Umeandika: "Waingereza waliunda Kamati ya Lugha mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili. Pia walitumia Kiingereza katika elimu ya juu." Rudia kusoma. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja. Utawala huohuo unaiwekea lugha tahajia moja, unasimamia vitabu vyake, kamusi inatoka 1939, na huohuo unamwambia mwanafunzi kwamba akitaka kupanda ngazi lazima aiache lugha hiyo mlangoni. Kwa nini mtu akarabati nyumba asiyotaka wageni wake waheshimiwa walale? Huo ni mgongano, na mgongano ndio chakula cha insha ya namna hii. Wewe umeufunika kwa "pia".

Nimezihesabu: "pia" na "vilevile" zimetokea mara ishirini na tatu katika kurasa sita. "Ingawa" haipo hata mara moja. "Kwa sababu" ipo mara mbili, na mojawapo iko ndani ya nukuu. Sisemi uzifute tu na kuweka nyingine. Ukibandika "lakini" mahali pasipo na ukinzani utanichekesha. Nasema zinaonyesha ulivyokuwa ukifikiri wakati unaandika: unaongeza, unaongeza, hupimi.

Na huwezi kupima bila kuwa na kipimo. Kauli inasema "ulikikuza kuliko". Lugha inaweza kukua kwa kupata watumiaji wapya, kwa kupata maandishi na sarufi iliyokubaliwa, au kwa kupanda hadhi, yaani kutumika pale penye mamlaka na elimu. Hayo hayakwenda pamoja Tanganyika, na ndiyo raha ya mada hii. Ukipima kwa hadhi katika utawala wa ngazi za chini, Wajerumani wana hoja nzito. Ukipima kwa usanifishaji, 1928 na 1930 zinawabeba Waingereza. Ukipima kwa watumiaji, kuna swali gumu la nani hasa alifanya kazi hiyo, serikali au watu wenyewe waliokuwa wakihamahama kutafuta vibarua na baadaye kwenda mikutanoni kusikiliza TANU tangu 1954. Mimi sijali sana uchague kipi. Ninachotaka ni uchague, useme umechagua, na ueleze kwa nini hicho kinafaa kuliko vingine. Bila hivyo, ukurasa wa pili unapima kwa watumiaji na wa nne kwa kamusi, halafu "tawala zote mbili zilichangia" inakuwa njia pekee ya kutokea.

Jambo dogo kuhusu wataalamu. Umewanukuu wengi, na wote wanakubaliana nawe, au tuseme wanasema mambo ambayo wewe unayarudia. Huna haja ya kuogopa kumwambia mtaalamu kwamba ushahidi wake haufiki anakotaka ufike. Si utovu wa adabu, alimradi umemsoma kwa makini. Nukuu moja unayoijadili ina faida kuliko tano unazozipanga. Vilevile unaposema "Wajerumani walitaka", jiulize Wajerumani gani. Miongoni mwa wamisionari walikuwepo waliokitilia shaka Kiswahili kwa sababu ya uhusiano wake na Uislamu, wakapendelea lugha za wenyeji, wakati maofisa wa serikali walihitaji lugha moja ya kuendeshea nchi. "Wajerumani" wako wa aya nzima moja wanavunjika ukiwagusa.

Sasa la kufanya. Alama ya insha hii haitabadilika, na sitaki uiandike yote upya. Utachoka na utajifunza kidogo. Niandikie sentensi moja tu ya msimamo wako, isiyo na "kwa ujumla" wala "kila moja kwa namna yake". Kisha andika upya aya ya tatu na ya tano zikiutumikia msimamo huo, na katika mojawapo mweke mpinzani wako aseme kwa nguvu zote kabla hujamjibu. Aya mbili, si zaidi ya ukurasa mmoja na nusu.

Njoo nazo ofisini Alhamisi saa nane mchana, pamoja na karatasi hii niliyoisahihisha. Insha ya pili inatolewa wiki inayofuata na ina swali lenye "jadili" vilevile. Na kama utaamua kwamba Waingereza ndio waliokikuza Kiswahili zaidi, jiandae, maana mimi siamini hivyo na nitakubana.

Mhadhiri wako wa Historia ya Kiswahili