Barua kwa timu ya Wodi ya Magonjwa ya Ndani: majibu ya kalcha na uchaguzi wa antibiotiki

Wapendwa madaktari, wauguzi na mfamasia wa wodi,

Poleni na kazi. Nawaandikia kwa sababu ya mgonjwa wa kitanda cha 14. Alilazwa na homa kali na maumivu ya ubavu, akachukuliwa damu na mkojo, kisha akaanzishiwa seftriaksoni saa ile ile. Mlifanya sawasawa, maana mgonjwa mwenye dalili za sepsisi hasubirishwi maabara. Siku ya tatu tulitoa majibu: Klebsiela kwenye damu na kwenye mkojo, sugu kwa seftriaksoni. Siku ya tano nilipita wodini nikakuta bado anachomwa seftriaksoni, na karatasi ya majibu imebandikwa nyuma kabisa ya faili, haina saini ya mtu.

Natamani mngeiona sahani yake. Tulipaka bakteria juu ya agari, tukapanga juu yake vidonge vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Asubuhi yake, kidonge cha meropenemu kilikuwa kimezungukwa na duara pana, safi, pasipoota kitu. Kwenye seftriaksoni bakteria walikuwa wamejaa mpaka ukingoni mwa karatasi. Upande mmoja tu, ule unaotazamana na kidonge cha amoksisilini na klavulanati, ndiko walikorudi nyuma kidogo. Hiyo ni alama ya kimeng'enya kinachovunja sefalosporini, na klavulanati ndiyo iliyokizuia pale. Bakteria wa aina hii huivunja seftriaksoni kabla haijawadhuru, hivyo kuongeza dozi hakusaidii. Kushuka kwa homa nako kusitudanganye: mgonjwa alikuwa anapewa parasetamoli kila baada ya saa sita.

Jambo la pili linatokea kimya kimya zaidi, nalo linaniuma vilevile. Kalcha inapoonyesha Stafilokokasi aureasi anayesikia kloksasilini, mara nyingi mgonjwa anaachwa kwenye vankomisini "kwa kuwa anaendelea vizuri". Kwa bakteria huyu vankomisini ni dawa dhaifu kuliko kloksasilini, na inaweza kuumiza figo. Kubadilisha hapo ni kumpa mgonjwa dawa bora, ingawa jina lake halitishi. Shirika la Afya Duniani limeweka seftriaksoni, meropenemu na vankomisini katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndizo zinazochochea usugu zikitumika ovyo. Kila siku ya ziada ya dawa pana inaua bakteria wa kawaida wa utumbo na kuwaachia nafasi walio sugu, na hao wanahamia kitanda cha jirani kwa mikono yetu.

Sisemi karatasi ya maabara imwongoze daktari kama kipofu. Stafilokoki wa ngozi wakiota kwenye chupa moja tu ya damu, mara nyingi wametoka kwenye ngozi wakati wa kutoboa. Mkojo wa mgonjwa mwenye katheta ya siku nyingi utaota kitu karibu kila mara, hata kama haumwi. Nitrofurantoini ikiandikwa "inasikia", ni kwa maambukizi ya kibofu peke yake. Haifiki kwenye damu kwa kiwango cha kutibu. Mkiwa na shaka, nipigieni kabla ya kuandika dawa.

Na majibu hayawezi kuwa bora kuliko sampuli. Damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, seti mbili kutoka sehemu mbili tofauti, na kwa mtu mzima ml 8 hadi 10 kila chupa. Chupa yenye ml 2 inaweza kusema "hakuna kilichoota" wakati bakteria wamo. Ngozi isafishwe na iachwe ikauke yenyewe kabla ya sindano. Kama dawa imeshatolewa, andikeni kwenye fomu ni ipi na saa ngapi.

Ninachoomba ni hiki: ifikapo saa 48 tangu antibiotiki ianze, daktari wa wodi aandike kwenye faili uamuzi wake, iwe kuendelea, kubadilisha, kupunguza upana au kusimamisha, pamoja na sababu. Wauguzi, ninyi ndio mnaomwona mgonjwa muda mrefu kuliko sote. Mkikuta majibu yanapingana na dawa mliyoshika mkononi, ulizeni kabla ya kuchoma. Kwa upande wetu, damu yoyote itakayoota tutapiga simu wodini mara tu tukisoma rangi ya Gramu, bila kungoja karatasi, na tutaandika jina la aliyepokea. Kuanzia wiki ijayo nitakuwa nanyi kwenye raundi kila Jumatatu na Alhamisi saa tatu asubuhi.

Mgonjwa wa kitanda cha 14 sasa yuko kwenye meropenemu. Tafadhali mtoeni damu ya kurudia leo mchana. Chupa nimeshaziacha kwa muuguzi wa zamu.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa mikrobiolojia
Maabara ya hospitali