Yah: Ombi la kupokelewa kwa maombi ya udahili yaliyochelewa, Shahada ya Uzamili ya Sayansi ya Uvuvi

Nansio, Ukerewe
Mkoa wa Mwanza
3 Juni 2025

Mkuu wa Ofisi ya Udahili
Masomo ya Uzamili

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni afisa uvuvi katika Wilaya ya Ukerewe, na ni mwombaji wa shahada iliyotajwa. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha maombi ilikuwa Ijumaa, 30 Mei 2025, nami sikuwasilisha. Ofisi yako ilinijibu jana Jumatatu kwamba barua pepe yangu ya 1 Juni haitoshi, na kwamba niandike barua rasmi yenye vielelezo, ndiyo hii.

Alfajiri ya Jumanne, 27 Mei, mama yangu mzazi alipatwa na kiharusi. Alipokelewa katika hospitali ya wilaya hapa Nansio, na kabla ya adhuhuri akapewa rufaa kwenda Bugando. Tulivuka na gari la wagonjwa kwa kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, tukapita Bunda, tukafika Mwanza usiku. Kuanzia hapo hadi Jumamosi, 31 Mei, kaka yangu alipowasili kutoka Mpanda, mwuguzaji nilikuwa mimi peke yangu: kusukuma kitanda kwenda kwenye vipimo, kupanga foleni ya dawa, kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili kama nilivyoelekezwa na wauguzi. Usiku wa Jumamosi hiyo, nikiwa nimelala kwenye mkeka nyumbani kwa jamaa yetu Kirumba, ndipo nilipokumbuka maombi. Asubuhi ya Jumapili nilifungua mfumo, nikakuta umefungwa, na saa nne na robo nikaiandikia ofisi yako.

Naelewa kwamba ugonjwa wa mzazi ni jambo linaloandikwa katika barua nyingi za aina hii, na kwamba ofisi haiwezi kupima uchungu wa mtu. Inachoweza kupima ni karatasi: imetolewa na nani, imeandikwa lini, na siku zinazotajwa humo zinalingana vipi na siku iliyokosekana. Kwa sababu hiyo nimeambatisha tu nyaraka zilizotengenezwa wakati mambo yakitokea, na watu wasio na haja ya kunisaidia nidahiliwe. Fomu ya rufaa ni ya 27 Mei. Fomu ya kulazwa inanitaja mimi kwa jina kuwa ndugu aliyemleta mgonjwa. Barua ya hospitali inathibitisha kwamba mama amelazwa tangu usiku wa 27 Mei na kwamba hadi 2 Juni, siku ilipoandikwa, alikuwa bado wodini. Kwa idhini yake, nimefunika maelezo ya matibabu na kuacha majina, tarehe na mihuri. Ofisi ikihitaji kuona nakala halisi, nitaileta mwenyewe. Sikuomba barua ya mwenyekiti wa mtaa wala ya ndugu, kwa kuwa wangeandika leo kwa maelezo yangu mwenyewe, na isingeongeza kitu.

Nyaraka za hospitali zinathibitisha mama alikuwa wapi, hazithibitishi kila siku mimi nilikuwa wapi. Pengo hilo nimelijaza kwa ruhusa ya dharura kutoka kwa mwajiri wangu, inayoonyesha kwamba sikuwa kazini kuanzia 27 Mei. Hata hivyo, Alhamisi ya 29 Mei haina karatasi yenye jina langu. Risiti za vipimo vya siku hiyo zimetoka kwa jina la mgonjwa, kama ilivyo kawaida, nami nimeziweka jinsi zilivyo.

Ofisi ina haki ya kuuliza: simu je, hakuwa nayo? Nilikuwa nayo. Siku ya Ijumaa yenyewe niliitumia kumjulisha mkuu wangu wa kazi hali ya mgonjwa, na kama ningekumbuka ningeweza kuwasilisha maombi kwa simu hiyo hiyo. Sidai kwamba mtandao ulikatika. Umeme ulikatika Nansio jioni ya 26 Mei, lakini sina uthibitisho wa hilo, na siutegemei. Kosa langu la kweli ni kwamba niliacha hatua ya mwisho hadi wiki ya mwisho, ilhali fomu ilikuwa wazi tangu Aprili. Kilichonikuta kiliikuta hatua hiyo haijakamilika.

Jambo ninaloomba lipewe uzito kuliko mengine ni hali ya maombi yenyewe kabla ya 27 Mei. Ada ya maombi niliilipa 12 Mei kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo wenu. Wadhamini wangu wawili walituma barua zao kabla ya 20 Mei, na kumbukumbu zake mnazo ninyi wenyewe. Ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri ilisainiwa 23 Mei. Kilichobaki ni kupakia andiko la kusudio la utafiti na kubonyeza "Submit". Andiko hilo, linalohusu upotevu wa dagaa wanaoanikwa mchangani ukilinganisha na wale wanaoanikwa juu ya chanja katika mialo ya Ukerewe, nilikuwa nimelimaliza. Jumatatu, 26 Mei, saa 3:40 usiku, nililituma kwa barua pepe kwa mmoja wa wadhamini wangu ili alipitie. Nimeambatisha barua pepe hiyo pamoja na faili lake.

Kwa hiyo siombi kuongezewa siku za kuandika ambazo waombaji wengine hawakupata. Naomba mpokee andiko lile lile la 26 Mei, bila kubadilishwa hata nukta, pamoja na kosa la hesabu lililo kwenye jedwali la ukurasa wa nne, ambalo nimeliona baadaye na nimeliacha. Mdhamini wangu yuko tayari kuwatumia moja kwa moja nakala aliyoipokea usiku ule, ili muilinganishe na yangu.

Utaratibu wa kupokea nauacha kwenu: kama inawezekana kunifungulia mfumo kwa saa chache, nitawasilisha siku hiyo hiyo, kama haiwezekani, nyaraka zote zimo katika bahasha hii. Iwapo orodha ya waombaji imekwisha kupelekwa kwenye kamati ya idara, au nafasi zimejaa, nitaelewa kwamba ombi hili haliwezi kumwondoa mtu aliyewahi. Katika hali hiyo naomba mambo mawili tu: nijulishwe kwa maandishi, kwa sababu mwajiri wangu anapanga mbadala wangu kuanzia Julai, na ada niliyolipa ihamishiwe kwenye udahili unaofuata ikiwa taratibu zenu zinaruhusu.

Kaka yangu atakaa na mgonjwa hadi mwisho wa mwezi huu. Napatikana kwa simu na barua pepe zilizomo kwenye fomu yangu, na nikiitwa kwa mahojiano nitafika siku yoyote mtakayopanga.

Wako mtiifu,

Tabitha Magesa
Mwombaji

Viambatisho: fomu ya rufaa na ya kulazwa, barua ya hospitali ya 2 Juni, risiti za vipimo, ruhusa ya dharura na ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri, risiti ya ada ya maombi, picha ya skrini ya mfumo ya 1 Juni, barua pepe ya 26 Mei na andiko la kusudio la utafiti.